Kubeba, Kukata na Kutembea: Maana Zinazokaa ndani ya Kitenzi

Mwanafunzi mmoja wa Kampala alipewa picha aieleze kwa Kiswahili. Katika picha hiyo mama yuko njiani, mtoto yu mgongoni mwake na kikapu ki kichwani. Nyuma yao, uani, baba ameinua shoka juu ya kigogo kilichosimamishwa. Mwanafunzi aliandika: "Mama anabeba mtoto, anabeba kikapu kichwani na anatembea sokoni. Baba anakata kuni." Upatanisho wa kisarufi hauna kosa, na kila kiambishi kimekaa mahali pake. Hata hivyo, Mswahili akiyasoma maneno hayo bila kuiona picha, ataona mambo mengine. Tuyachunguze maneno hayo moja baada ya jingine.

Tuanze na *anabeba*. Kiambishi *-na-* huonyesha tendo linaloendelea, na mwanafunzi aliyezoea Kiingereza hukichagua bila kusita. Lakini kubeba si tendo la namna hiyo. Mtu akishakiweka kitu mwilini, tendo limekwisha. Kinachobaki ni hali. Ndiyo maana tunasema *mama amebeba mtoto*, kama tunavyosema *amesimama*, *amelala* au *amevaa kanga*, ingawa hali hiyo ipo sasa hivi mbele ya macho yetu. Tukisema *anabeba*, msikilizaji huelewa ama kwamba ndipo kwanza anamwinua mtoto, ama kwamba hiyo ndiyo kazi yake, kama katika *kijana huyu anabeba mizigo sokoni*. Kijana huyo anaweza kuwa amekaa kivulini akinywa chai, na sentensi ikabaki kuwa kweli.

Kipimo hiki cha *-me-* ni chepesi, nasi hukitumia darasani mara kwa mara. *Ameshika kalamu*, *amempakata mtoto*, *amejitwika ndoo*: zote ni hali za sasa. Linganisha na *kusomba*, ambako ni kuhamisha kitu kingi kwa safari za kwenda na kurudi, kama mchanga, mawe au maji ya kujengea. *Wanasomba mchanga* maana yake kazi inaendelea. *Wamesomba mchanga* maana yake mchanga umekwisha kufika. Kusomba ni kazi yenye mwanzo na mwisho, si namna ya kukaa na mzigo, kwa hiyo hakufuati kanuni ya kubeba.

Baada ya njeo tuangalie maana yenyewe. *Beba* hakisemi mzigo uko wapi mwilini. Ni lazima tuongeze *begani*, *mgongoni* au *kichwani*. Viko vitenzi vinavyobeba mahali hapo ndani yake. *Pakata* ni kumweka mtoto mapajani au mikononi. *Eleka* ni kumfunga mtoto mgongoni au ubavuni, na nguo inayotumika huitwa *mbeleko*, jina lililotokana na kitenzi hicho hicho. Yafaa kukiri kwamba leo wasemaji wengi husema tu *amembeba mtoto mgongoni*, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini anayefundisha hana budi kukijua *eleka*, maana bila hicho hawezi kulieleza neno *mbeleko*.

*Twika* chahitaji kukaa nacho kidogo. Hiki hakielezi kubeba, bali kumwekea mtu mzigo, hasa kichwani. Yule anayewekewa ndiye yambwa: *Nitwike ndoo* ni ombi la mtu aliyeinama kisimani akingoja msaada. Akijiwekea mwenyewe, kiambishi cha kujirejea *-ji-* huingia: *amejitwika ndoo*. Kinyume chake ni *tua*: *nitue* ni ombi la aliyefika nyumbani amechoka. Nchini Tanzania juhudi za kusogeza maji karibu na wananchi zimetangazwa kwa maneno *kumtua mama ndoo kichwani*. Kiambishi *-m-* hapo chasimama badala ya mama, si badala ya ndoo, na wanafunzi wengi hukosea papo hapo kwa kuandika *kuitua ndoo ya mama*. Sarufi haikuvunjwa, ila sasa ndoo ndiyo inayoshughulikiwa, na mama amebaki kuwa mwenye ndoo tu.

Hapa mwalimu wa Uganda au Rwanda ana hazina ambayo mara nyingi huiacha mlangoni. Mwenye Luganda anajua kwamba *okwetikka* ni kubeba kichwani na *okuweeka* ni kubeba mgongoni, na hata lile *-e-* la *okwetikka* ni la kujirejea kama *-ji-* yetu. Mwenye Kinyarwanda hutofautisha *kwikorera* na *guheka*. Mwanafunzi wetu, basi, hakukosa maarifa. Alipita kwanza kwenye Kiingereza, ambako tofauti hizo zote humezwa na kitenzi kimoja, kisha akaja kwenye Kiswahili mikono mitupu. Tungemwuliza kwanza picha ile ingesemwaje nyumbani kwao.

Baba naye "anakata kuni". Sentensi hii si kosa, lakini inatupeleka msituni, kwenye miti au matawi yanayoangushwa. Baba wa pichani yuko uani, kigogo kimesimama wima, na shoka litashuka kufuata nyuzi za mti. Huko ni *kuchanja kuni*. Kwa maelezo mepesi, *kata* hupita kati ya urefu wa kitu na kukitenga vipande, ilhali *chanja* na *pasua* hufuata urefu wake. Gogo moja laweza kupitia yote: hukatwa vipande, kisha likiwa la mbao hupasuliwa, likiwa la jikoni huchanjwa. Majani na vichaka vinavyoondolewa kwa mkupuo wa panga *hufyekwa*. Matawi yanayopunguzwa ili mti uzae vizuri *hupogolewa*.

Kuchagua vibaya hapa kunaweza kumtisha mtu. *Daktari amempasua mgonjwa* ni habari ya upasuaji. *Daktari amemkata mgonjwa* yaweza kueleweka kuwa amemjeruhi. Vivyo hivyo muuguzi *humchanja* mtoto, kwa kuwa chanjo ilichukua jina la mkato mdogo wa ngozini, ingawa leo sindano hutumika.

Linabaki *anatembea sokoni*. *Tembea* hakielekezi mahali pa kufika, kwa hiyo *-ni* ya *sokoni* husomwa kuwa ni mahali tendo linapofanyika: mama yumo ndani ya soko, anazungukazunguka. Kama twataka afike, tuseme *anakwenda sokoni kwa miguu* au *anatembea hadi sokoni*. Vitenzi vingine vya mwendo vina namna ya mwendo ndani yake, kama *nyata*, *chechemea* na *jikongoja*, na hivyo havihitaji kielezi cha kuvisaidia. Mwanafunzi avikute katika hadithi, si katika orodha. Lakini jambo moja lisiachwe liguse wanafunzi bila onyo: *kutembea na mtu*, katika mazungumzo ya kila siku, humaanisha pia kuwa na uhusiano wa kimapenzi naye. Mwanafunzi anayetaka kusema alifuatana na mke wa jirani hadi kisimani aandike *nilifuatana naye* au *tuliongozana*.

Maelezo ya picha, yakisahihishwa, yatakuwa haya: "Mama amemweleka mtoto, amejitwika kikapu, na anakwenda sokoni kwa miguu. Baba anachanja kuni." Neno *kichwani* limeondoka, kwa sababu *amejitwika* kimekwisha kulisema; na *anachanja* kimebaki na *-na-* yake, kwa kuwa shoka bado liko hewani.