Mstari wa Njia Unapokatiza Majengo kwenye Ramani

Ramani ya usafiri wa umma hutengenezwa kutokana na faili za ratiba zenye muundo wa GTFS, kama zile za matatu za Nairobi zilizotolewa kwa umma mwaka 2014. Vituo tunavipata katika `stops.txt`, kila kimoja na latitudo na longitudo yake. Mkondo wa barabara hutoka katika `shapes.txt`, ambayo `trips.txt` huiunganisha na njia husika.

Hata hivyo, `shapes.txt` huweza kukosekana. Hapo tunaunganisha vituo kwa mfuatano ulioandikwa katika `stop_times.txt`, na mstari hunyooka kutoka kituo hadi kituo. Kwa hiyo, ukiona mstari unakatiza majengo, amini vituo tu. Usipime umbali kwa mstari huo, wala usingojee gari katikati yake.