Barua Kabla ya Mazungumzo ya Saa za Kazi

Mwajiri anapotaka kubadili saa za kazi, karatasi ya kwanza kufika kwa viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi huwa ni barua fupi yenye ratiba mpya iliyobanwa nyuma yake. Wengi huikimbilia ratiba, wakaipitia barua juu juu. Nashauri kinyume chake. Ratiba inaonyesha mwajiri anataka nini. Barua ndiyo inayoonyesha kama anawaita kuzungumza au anawapa taarifa ya jambo alilokwisha kuliamua.

Kwa Tanzania Bara, tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa za kawaida: siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Anayetaka kuvuka saa 9 kwa siku bila kulipa saa za ziada anaweza kubana wiki, yaani kurefusha siku na kupunguza idadi yake, lakini lazima pawe na makubaliano ya maandishi. Na chama kilichosajiliwa chenye wanachama walio wengi katika kundi husika la wafanyakazi, kikishatambuliwa, ndicho peke yake chenye haki ya kujadiliana kwa niaba ya kundi hilo, na mwajiri anawajibika kujadiliana nacho kwa nia njema. Kwa hiyo meneja anayepita idara kwa idara akimpa kila mtu fomu ya kusaini anaukwepa wajibu wake, hata kama fomu zote zitarudi na saini.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha sabuni chenye wafanyakazi 120, ambacho tawi lake limetambuliwa. Watu wanaingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 10 na nusu jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, wakiwa na saa moja ya chakula. Hizo ni saa 7 na nusu za kazi kwa siku, saa 45 kwa wiki. Tatizo ni boila. Kila asubuhi inachukua saa moja na nusu kupata mvuke wa kutosha, na muda huo mitambo haizalishi. Katika siku 6 zinapotea saa 9, zinabaki 36 za uzalishaji. Ili kutimiza oda, kiwanda kinaongeza saa 4 za ziada kila wiki, ambazo nazo zinazalisha. Jumla ni saa 40.

Wazo la kwanza la meneja ni siku 4 za saa 11: kuingia saa 12 asubuhi, kutoka saa 12 jioni, na saa moja ya kula katikati. Linavutia, maana boila itawashwa mara 4 tu na watu watapata siku 3 za mapumziko. Ukilipima kwa sheria linaanguka. Mtu akifanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5, anastahili mapumziko ya dakika 60. Kwenye siku ya saa 11 yenye pumziko moja, lazima upande mmoja uzidi saa 5, kwa hiyo linahitajika pumziko la pili, na siku inafika saa 13 za kuwapo kiwandani. Wiki iliyobanwa hairuhusu zaidi ya saa 12 kwa siku, muda wa kula ukiwa ndani yake. Tena aliyetoka saa 12 jioni na kurudi saa 12 asubuhi amepata saa 12 kamili za kupumzika, ambazo ndizo kiwango cha chini. Akibakizwa hata nusu saa kusubiri lori, kiwango kimevunjwa. Kiongozi wa tawi akiletewa ratiba ya namna hii, aanze kwa kuhesabu saa zilizopo kati ya pumziko na pumziko. Ndipo ratiba nyingi ndefu zinapokwama.

Ratiba inayosimama ni hii: Jumatatu hadi Alhamisi, saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni, pumziko likiwa saa 5 hadi saa 6; Ijumaa, saa 12 hadi saa 5 asubuhi. Siku 4 za saa 10 na moja ya saa 5, jumla saa 45. Siku ni 5, ambazo ndizo za juu kabisa katika wiki iliyobanwa. Boila inawashwa mara 5, zinapotea saa 7 na nusu, na uzalishaji unapanda kutoka saa 36 hadi 37 na nusu. Kufikia zile 40, saa za ziada zinazohitajika zinashuka kutoka 4 hadi 2 na nusu.

Hapo ndipo penye maumivu, na ndipo barua nyingi zinaponyamaza. Kwa mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, hesabu inakwenda hivi: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, ambao ni kama 90,000, kisha kwa saa 45, inapatikana 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hailipwi chini ya mara moja na nusu, yaani 3,000. Akipoteza saa 1 na nusu za ziada kila wiki, amepoteza 4,500. Siku moja ya safari imepungua. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni 2,000. Bado anapungukiwa 2,500 kwa wiki, kama 10,800 kwa mwezi. Kwa mtu anayelipa ada ya mtoto kwa hiyo ovataimu, hilo ndilo pendekezo lenyewe. Mengine yote ni maelezo.

Barua iliyo ya haki inaiweka hesabu hiyo mezani kabla ya kuulizwa. Ningetamani kuona barua yenye maneno kama haya:

"Ndugu Katibu wa Tawi,

Yah: Pendekezo la kubadili saa za kazi na mwaliko wa majadiliano

Tunaleta kwenu pendekezo la kubana wiki ya kazi kutoka siku 6 hadi siku 5, kwa wafanyakazi wa idara ya uzalishaji. Saa 45 na mishahara ya msingi hazibadiliki. Sababu ni muda unaopotea kila boila inapowashwa. Kumbukumbu za boila na za mafuta yake kwa miezi 6 iliyopita zimeambatanishwa.

Mabadiliko haya yatapunguza saa za ziada kwa takriban saa 1 na nusu kwa wiki kwa kila mfanyakazi. Tunajua ni pungufu la kipato, na tuko tayari kujadili namna ya kulifidia.

Yanayojadilika ni saa ya kuingia na kutoka, mpangilio wa Ijumaa, usafiri wa alfajiri, fidia, na muda wa majaribio. Kwa upande wetu tunachohitaji ni boila isiwashwe zaidi ya mara 5 kwa wiki. Mkiwa na njia nyingine ya kufikia hapo, tutaipima pamoja.

Ratiba ya sasa itaendelea hadi tutakapotia saini makubaliano. Tunaomba tukutane ndani ya wiki 3, siku mtakayoichagua, baada ya ninyi kuzungumza na wanachama. Mkutano wenu mnaweza kuufanya ndani ya saa za kazi. Meneja wa kiwanda atakuwapo, naye ana mamlaka ya kukubali."

Sentensi inayosema ratiba ya sasa itaendelea ndiyo mhimili. Bila hiyo kila kikao kinafanyika huku saa ikihesabu. Barua ikitaja badala yake tarehe ya kuanza ratiba mpya, halafu ikaomba "maoni", viongozi waulize kwa maandishi kabla ya kujadili lolote: tarehe hiyo ni ya pendekezo au ni ya uamuzi? Jibu litawaambia wako wapi.

Sentensi ya mamlaka nayo haipaswi kukosekana. Nimeona majadiliano yakifa pole pole kwa sababu upande wa mwajiri ulimtuma ofisa wa kuandika tu, kila hoja ikajibiwa "nitaifikisha". Na kuambatanisha kumbukumbu za boila si hisani. Chama kilichotambuliwa kina haki ya kupewa taarifa zinazohitajika ili kiweze kujadiliana, ingawa mwajiri anaweza kuzuia zile za siri ambazo zikitoka zitamdhuru.

Tawi nalo lina kazi yake. Baada ya kuisoma barua kwa wanachama, yatatoka mambo ambayo meneja hakuyaona. Kwanza, hizo saa 2 na nusu za ziada zitawekwa wapi? Zikiwekwa saa 11 jioni, kipindi cha mchana kinafika saa 6 mfululizo, na lile pumziko la pili linarudi. Jumamosi haiwezekani, maana itakuwa siku ya 6. Inabaki Ijumaa, lakini zikianza saa 6 mchana zinagongana na sala. Pendekezo la kuleta mezani ni zianze saa 8 mchana, kwa wanaokubali tu, kwa kuwa saa za ziada hazifanywi bila makubaliano.

Pili, kuingia saa 12 asubuhi maana yake ni kutoka nyumbani saa 10 na nusu alfajiri, kwa wanaokaa mbali. Basi la kampuni linaweza kuwa fidia bora kuliko zile 10,800, hasa kwa wanawake wanaosubiri daladala gizani. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa kutumia hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi kwenda kumnyonyesha mtoto. Kwenye siku ya saa 10, saa hizo zipangiwe mahali mapema, zisiachwe kwa huruma ya msimamizi wa zamu. Na fundi wa boila akiambiwa aingie saa 11 alfajiri ili mvuke uwahi, saa hiyo ni ya usiku kisheria, kwa kuwa usiku unahesabiwa kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi. Anastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa hiyo.

Majibu ya tawi yaandikwe kwa mpangilio uleule wa barua: tunakubali nini, tunakataa nini na kwa nini, tunaomba nini badala yake. Mkikwama, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambako msuluhishi ana siku 30 za kuwasaidia kupatana. Mkipatana, makubaliano yanaandikwa yakawa sehemu ya mkataba wa hali bora. Yanaanza kufunga pande zote pale anayesaini mwisho anapoweka saini, isipokuwa yenyewe yakitaja tarehe nyingine, na nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Kipindi cha majaribio kikiwemo, kwa mfano miezi 3, kipengele chake kitaje mambo mawili: takwimu zipi zitaangaliwa, na ratiba ipi itatumika siku inayofuata iwapo pande mbili hazitakubaliana kuendelea. Mkiliacha hilo la pili wazi, majaribio yatageuka kuwa ratiba ya kudumu bila mtu yeyote kuikubali.