Barua kwa Dereva wa Kosta ya Harusi

Kamati nyingi za harusi jijini Dar es Salaam humwelekeza dereva wa Kosta ya kukodi kwa simu: anzia Mbezi, pitia Kimara, beba watu wa Ubungo, kisha njoo kanisani. Dereva huyo hamfahamu shangazi wala mjomba wa bi harusi, na siku yenyewe simu za wanakamati huita bila kupokelewa. Ndiyo maana nashikilia kwamba apewe barua ya ukurasa mmoja, siku mbili kabla.

Muda wa barua hiyo hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka kanisani. Tuchukue harusi ya Jumamosi katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay, misa ikianza saa 8:00 mchana. Wageni wanapaswa kushuka saa 7:30, wapate kuketi kabla bi harusi hajaingia. Kutoka Ubungo hadi kanisani, kwa foleni ya Jumamosi mchana, tenga dakika 50. Kosta iondoke Ubungo saa 6:40. Ukitoa dakika 10 za kupakia na 20 za njiani, Kimara Mwisho iondoke saa 6:10. Fanya hesabu hiyohiyo kwa Mbezi Mwisho, utapata saa 5:40. Barua itaje saa ya kuondoka, maana ukiandika saa ya kufika tu, dereva atafika na kusubiri, na kila familia itadhani bado kuna muda wa kupiga pasi.

Sehemu hiyo ya barua inaweza kusomeka hivi:

"Kaka dereva, salamu. Jumamosi uwe Mbezi Mwisho saa 5:10 asubuhi, tangi likiwa limejaa. Ondoka saa 5:40 hata kama viti havijajaa. Kimara Mwisho simama kituo cha kuelekea mjini, utamkuta mjomba wa bi harusi amevaa shati la kitenge cha bluu. Yeye ndiye atakayekuambia watu wametimia. Uondoke hapo saa 6:10 mchana. Ubungo usipakie mtu kwenye Barabara ya Morogoro. Kata kushoto kwanza uingie Sam Nujoma, abiria wako kituo cha kuelekea Mwenge. Mwenge kata kulia, shika Barabara ya Bagamoyo, pita Morocco, nyoosha mpaka kanisani."

Kutaja upande wa barabara kuna sababu yake. Kuanzia Kimara kwenda mjini, njia za mwendokasi zimekaa katikati ya Barabara ya Morogoro, na gari haliwezi kukatisha popote linapotaka. Abiria akisimama upande wa kutoka mjini, ama yeye avuke njia zote hizo na kitenge chake cha sare na mtoto mkononi, ama Kosta ikatafute pa kugeuzia. Pale Ubungo, dereva asipokata kushoto kwenye Daraja la Kijazi atajikuta anaelekea Manzese na Magomeni, na dakika alizotengewa zitaishia huko.

Kila kituo kiwe na msimamizi mmoja, na namba yake iandikwe mbele ya jina la kituo. Wasimamizi wawili huvutana: huyu anasema twende, yule anasema dada yangu yuko kwenye bodaboda anakuja. Aliyechelewa ana nauli ya kujifikisha. Hilo nalo ajulishwe mapema, kwa upole.

Baada ya misa ndipo misafara mingi huvurugika. Gari la bi harusi hutangulia, gari la matarumbeta likifuata, na dereva wa Kosta, kwa nia njema kabisa, huwasha hazadi na kuwaandama. Maharusi wanakwenda ufukweni kupiga picha. Wazee ndani ya Kosta watakaa juani saa nzima bila maji. Barua imwambie waziwazi: "Usifuate gari la bi harusi. Peleka wageni moja kwa moja ukumbini, Mlimani City." Kwa anayetokea Mwenge ukumbi uko mkono wa kulia, hivyo ajue kabla ya Jumamosi atageuzia wapi. Akiachwa na taa nyekundu asiikimbize. Njia anayo mkononi.

Kama Kosta hiyo siku nyingine ni daladala, muulize mwenye gari kibali cha LATRA cha kukodishwa nje ya njia yake, kwa sababu trafiki akilisimamisha gari ni wageni wenu watakaosubiri.

Safari ya kurudi iandikwe pamoja na tarehe. "Saa 6 usiku" ya Jumamosi bila ufafanuzi imewahi kuwaacha watu nje ya ukumbi huku dereva amelala kwake, akiamini ni usiku wa Jumapili. Andika pia vituo vya kushusha, malipo ya kila saa itakayozidi, nani atamlipa, na meza ambayo dereva atakula chakula chake kabla ya saa 4 usiku.