Pesa yako imelala kundi gani stoo?

Rafiki yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Kila mwisho wa Desemba hufunga duka siku mbili, wakahesabu stoo yeye na vijana wake, kisha wakaingiza kila kitu kwenye Excel. Mwaka huo orodha ilikuwa imepita mistari 200. Nilipomuuliza saruji yote iliyomo stoo ina thamani gani, alichukua kikokotoo akaanza kuitafuta mstari kwa mstari. Orodha anayo, jibu hana. Hapo ndipo nilipomwonyesha jedwali pivoti, ambalo kwenye skrini huitwa PivotTable.

Kazi yake ni moja. Linachukua orodha ndefu, linakusanya mistari inayofanana, na kwa kila kundi linakupa jumla. Orodha yenyewe haiguswi. Lakini linajumlisha kile tu ulichokiandika, kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye orodha kabla hata hujaligusa.

Tuchukue mistari saba tu ya orodha ile. Safu zake ni Bidhaa, Kundi, Kipimo, Idadi, Bei na Thamani, na kila safu ina kichwa kimoja juu. Saruji ya 32.5 ipo mifuko 120 kwa 14,500, ya 42.5 mifuko 60 kwa 16,000. Nondo za milimita 12 ni 70 kwa 20,000, za milimita 10 ni 90 kwa 14,000. Rangi ya maji ya lita 4 ipo makopo 25 kwa 22,000, ya mafuta ya lita 4 makopo 18 kwa 35,000, na ya mafuta ya lita 1 makopo 40 kwa 10,000. Bei hizi ni za kununulia. Ukiweka za kuuzia utakuwa umejihesabia faida ambayo mteja bado hajakuletea.

Safu ya Thamani usiijaze kwa mkono. Simama ndani ya orodha, bonyeza Ctrl+T ili Excel iitambue kama jedwali, kisha kwenye seli ya kwanza ya Thamani andika:

```
=D2*E2
```

Yaani idadi mara bei ya mstari huohuo. Fomula itajishusha yenyewe hadi chini.

Sasa bofya Insert, kisha PivotTable, ukubali karatasi mpya. Kulia kutatokea majina ya safu zako na chini yake visanduku vinne. Buruta Kundi hadi Rows, halafu Idadi na Thamani hadi Values. Utaona hivi:

```
Row Labels    Sum of Idadi   Sum of Thamani
Nondo         160            2660000
Rangi         83             1580000
Saruji        180            2700000
Grand Total   423            6940000
```

Saruji ina shilingi 2,700,000, nondo 2,660,000, rangi 1,580,000. Ukitaka kujua hiyo 1,580,000 ya rangi imetoka wapi, bofya mara mbili juu ya namba yenyewe. Excel itakufungulia karatasi nyingine yenye mistari mitatu ya rangi peke yake. Rafiki yangu alilipenda hili kuliko yote, na mimi naona ana haki, kwa sababu namba unayoweza kuifuata hadi kwenye kopo lililopo rafu ndiyo namba ya kuaminika.

Ile 423 iliyo chini ya Idadi iache. Ni mifuko, nondo na makopo vilivyojumlishwa pamoja, na haina maana yoyote. Jumla ya idadi husomeka ndani ya kundi lenye kipimo kimoja tu. Hata kwenye rangi, 83 inachanganya makopo ya lita 4 na ya lita 1. Ukitaka kuyatenganisha, buruta Bidhaa uiweke chini ya Kundi kwenye Rows. Thamani haina shida hiyo, maana yote ni shilingi.

Kosa baya kuliko yote ni la kuruka safu ya Thamani, ukidhani jedwali pivoti litazidisha lenyewe. Kweli ipo sehemu inayoitwa Calculated Field inayokuruhusu kuandika Idadi mara Bei. Shida ni kwamba yenyewe hujumlisha kwanza, ndipo ikazidisha. Kwa saruji itachukua mifuko 180, ijumlishe bei 14,500 na 16,000 kupata 30,500, kisha izidishe: 5,490,000. Ni zaidi ya mara mbili ya ukweli. Kwenye jumla kuu itazidisha 423 kwa bei zote saba zilizojumlishwa, ikupe 55,624,500 kwa stoo yenye thamani ya 6,940,000. Excel haitakuonya, kwa sababu kwake hesabu imekwenda sawa. Utaligundua kosa ukijumlisha makundi kwa mkono, kwani hayatalingana na jumla kuu.

Kosa la pili hujificha kwenye uandishi. Kijana mmoja aliandika Rangi akaacha nafasi tupu mwishoni. Kwa macho huwezi kuiona, lakini jedwali likatoa Rangi mbili, moja yenye 1,180,000 na nyingine yenye 400,000. Herufi kubwa na ndogo hazilisumbui, nafasi ndiyo inayolisumbua. Ukiona kundi limejirudia, rudi kwenye orodha ulisahihishe neno. Ukitaka kuzuia tatizo tangu mwanzo, tumia Data Validation ili anayeingiza achague kundi badala ya kuliandika.

Na ukiona saruji ina 2, nondo 2 na rangi 3, usifikiri stoo imeibiwa. Soma kichwa cha safu: kitakuwa Count of Idadi, maana yake inahesabu mistari badala ya kujumlisha. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyeandika “makopo 40” ndani ya seli ya Idadi. Kwa Excel hayo ni maneno, si namba, na Thamani ya mstari huo itatoa #VALUE!. Usikimbilie kubadili Count kuwa Sum kabla hujasafisha seli hiyo, kwani Sum itaruka makopo yale 40 kimyakimya. Neno makopo lina safu yake, Kipimo.

Kabla ya kumpa mtu yeyote namba hizi, andika kwenye seli tupu iliyo nje ya orodha:

```
=SUM(F2:F8)
```

Jibu lake lazima lilingane na jumla kuu ya Thamani. Kwetu ni 6,940,000 pande zote mbili.

Rafiki yangu alirudi kwangu baada ya wiki akiwa na wasiwasi. Alikuwa ameuza mifuko 30 ya saruji ya 32.5, akapunguza idadi kwenye orodha, lakini jedwali likabaki na 180 zilezile. Ni kawaida yake katika matoleo mengi ya Excel: hushikilia nakala ya orodha kama ilivyokuwa mara ya mwisho liliposoma. Bofya kulia ndani ya jedwali, chagua Refresh, na saruji itashuka hadi mifuko 150, thamani 2,265,000. Fanya hivyo kila unapolifungua, kabla hujasoma namba hata moja.