Daktari Amechelewa, Chagua Moja

Saa tatu na nusu asubuhi daktari wa kliniki ndogo anaitwa wodini kwa dharura. Nje kuna watu kumi na wawili wenye namba mkononi. Kuna kliniki zinazowaacha wakae tu. Nyingine hutuma ujumbe wa simu, na mzuri huwa hivi:

"Daktari ana dharura, anarudi saa 5 asubuhi. Wewe ni wa 8, utaingia saa 6:30-7 mchana. Jibu 1 kungoja, 2 kuja jioni, 3 siku nyingine. Ukizidiwa mwone nesi sasa."

Ujumbe huu unatosha ndani ya herufi 160, kipimo cha meseji moja ya kawaida. Ukizidi hapo kliniki hutozwa meseji mbili. Ndiyo maana hauna salamu wala pole ndefu. Wala hautaji ugonjwa au aina ya kliniki, kwa kuwa simu ya mgonjwa huweza kusomwa na mwenzi au mtoto.

Saa ya kuingia imepigiwa hesabu. Daktari akitumia dakika 12 kwa kila mgonjwa, watu saba walio mbele yako watachukua dakika 84. Akianza saa 5, zamu yako inafika saa 6 na dakika 24. Karani ameongeza kidogo, kwa sababu mtu akiambiwa saa 6:30 akaingia saa 7:15, ujumbe wa pili hatauamini. Neno "mchana" nalo lina kazi: wenye simu za saa ya Kizungu wakiona 6:30 tupu watadhani ni alfajiri au jioni.

Matatizo hasa huanzia kwenye majibu. Ujumbe uliotumwa kwa jina la kliniki badala ya namba haujibiki. Ukiandika 2, jibu lako halifiki popote. Na aliyechagua jioni lazima akute nafasi yake imeshikwa. Akirudi saa 10 akaambiwa apange foleni upya, ni heri asingeondoka. Asiyejibu naye abaki kwenye foleni kama alivyokuwa, maana huenda simu imezima chaji au hasomi.

Maneno ya mwisho ya ujumbe ndiyo ya kwanza kwa uzito. Mwenye homa kali, mtoto anayepumua kwa shida, au mjamzito anayetokwa damu hana cha kuchagua kati ya 1, 2 na 3. Huyo huonwa na muuguzi papo hapo, hata daktari akiwa wodini. Na aliyekuja na njaa kwa ajili ya kipimo cha sukari apelekwe maabara atolewe damu, kisha akale. Kipimo hicho hakimngoji daktari.

Ukichagua 3, usiondoke kabla ya kupewa tarehe na saa.