Maswali ya mtahini yamo ndani ya ripoti yako

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapojiandaa kutetea mradi wake, mara nyingi huandika maswali ya jumla: mradi unahusu nini, ulikutana na changamoto gani, umejifunza nini. Mtahini huyauliza hayo mwanzoni ili kumtuliza aliye mbele yake. Maswali yanayoamua alama huwa tayari yamo kwenye ripoti, kwa sababu mtahini huisoma akiwa na kalamu mkononi, naye husimama kila anapokuta namba au uamuzi usio na maelezo.

Basi nawe isome hivyo. Zungushia duara kila namba uliyoichagua mwenyewe, na kila neno la aina ya "tulitumia", "tuliamua" na "tulichukulia". Kila duara ni swali.

Tuchukue ripoti ya uhandisi kuhusu mfumo wa kumwagilia bustani. Kihisi cha unyevu kimechomekwa kwenye udongo, bodi ya Arduino Uno inakisoma, na relei inawasha pampu. Katika sura ya tatu kuna sentensi hii: "Pampu huwashwa usomaji wa kihisi unapozidi 600." Hapo tu pana maswali matatu, na mtahini huyapandisha kama ngazi.

La kwanza ni la maana: hiyo 600 ni nini? Jibu la mfano: "Uno hugeuza volti 0 hadi 5 kuwa namba kati ya 0 na 1023, kwa hiyo 600 ni karibu volti 2.9. Kwa kihisi chetu, udongo ukikauka namba hupanda." Sentensi mbili zinatosha. Anayeendelea kueleza historia ya Arduino anafungua milango ambayo hakuombwa kuifungua.

La pili ndilo huangusha wengi: kwa nini 600, si 550? Kujibu kwamba "tuliona inafaa" ni sawa na kutojibu. Jibu linalosimama lina uamuzi, sababu, ushahidi na mpaka wake: "Tulipima sampuli za udongo wa bustani ileile. Kila sampuli tuliisoma kwa kihisi, tukaipima uzito, tukaikausha kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24, kisha tukaipima tena. Iliyokuwa gramu 120 ikabaki gramu 100 ilikuwa na unyevu wa asilimia 20 ya uzito mkavu, na hapo kihisi kilisoma karibu 600. Jedwali liko ukurasa wa 31. Namba hii ni ya udongo huu. Kwenye mfinyanzi au mchanga lazima ipimwe upya." Sentensi ya mwisho isiachwe. Ukiutaja mpaka mwenyewe, mtahini hana haja ya kukusukuma hadi uufikie.

La tatu huanza na "itakuwaje": usomaji ukichezacheza kati ya 598 na 603, pampu itafanya nini? Kwa kiwango kimoja, relei itawaka na kuzima mfululizo mpaka ichakae. Jibu zuri linaonyesha viwango viwili:

```
if (usomaji > 600) digitalWrite(PAMPU, HIGH);
else if (usomaji < 450) digitalWrite(PAMPU, LOW);
```

Katikati ya 450 na 600 pampu hubaki ilivyokuwa. Lakini kama mfumo wako haukujengwa hivyo, jibu la mfano lisidai kuwa ulijengwa hivyo. Andika: "Mfumo wetu una kiwango kimoja, na huo ni udhaifu, tungeweka viwango viwili." Mtahini ana ripoti mezani, na jibu linalopishana nayo hulinasa papo hapo.

Kisha nenda kwenye matokeo. "Mfumo ulifanya kazi kwa asilimia 95." Ya nini? Kama ni mara 38 katika majaribio 40, jibu litaje zote mbili, lieleze zile mara mbili zilikwamia wapi, na likiri ikiwa majaribio yote yalifanyika kwenye ndoo moja ndani ya siku mbili. Hapo ile 95 ni ya ndoo, haijawa ya shamba.

Orodha ikikamilika, mpe mwenzako wa fani nyingine akusomee maswali, na kila ukijibu aongeze "kwa nini?" mara mbili. Pale utakapoanza kurudia maneno yaleyale, andika alama pembeni: jibu hilo halimo kwenye ripoti wala kichwani mwako. Fanya kazi hii wiki kadhaa kabla, maana jibu lililokosekana kuhusu 600 linadai oveni, mizani na saa 24 za kukausha, na maabara siku ya mwisho huwa na foleni.