Unga Uliodondoka Juu ya Mahamri

Banda la kwanza nililomjengea mama kando ya barabara, huku kwetu Kilifi, lilidumu miezi mitano kabla ya kuanza kunyesha unga. Sisemi unga wa ngano. Ulikuwa unga laini, wa rangi ya maziwa yaliyochacha, uliokuwa ukidondoka kutoka kwenye mapau usiku kucha, na asubuhi mama akaukuta juu ya meza ya kusukumia mahamri. Akawa anafunika kinyunya kwa leso mbili. Mwezi wa nane niliegemea nguzo moja, ikapasuka kama biskuti. Ndani hamkuwa na mwanzi tena, ila ganda na vumbi.

Nilikuwa nimetumia mianzi kwa sababu bei ya boriti za mikoko ilinishinda, na mianzi ilikuwa imejaa shambani kwa jirani, ile minene ya kijani tunayoiona kando ya visima na mito. Ikanigharimu shilingi chache na kazi ya siku mbili. Banda la pili, ambalo hadi leo limesimama, lilinigharimu miezi mitatu ya kungoja. Nataka nieleze hiyo miezi mitatu ilikwenda wapi, kwa sababu watu wengi wananiuliza na wengi wanataka kuikata iwe wiki moja.

Mdudu aliyekula banda la mama si mchwa. Mchwa hutoka ardhini na huacha njia za udongo unazoziona. Huyu ni bungua mdogo mweusi, urefu wake kama punje ya mchele iliyokatika katikati, na ni wa ukoo mmoja na yule dumuzi anayemaliza mahindi yetu ghalani. Na anachotafuta ndicho kile kile anachotafuta ndugu yake: wanga. Mwanzi huweka wanga ndani ya nyama yake kama akiba ya kukuzia machipukizi. Mianzi yetu ya Pwani, ya kijani na ile ya manjano yenye michirizi, ina wanga mwingi kuliko aina nyingi, ndiyo maana huliwa haraka. Kwa hiyo jambo lote la kuchagua, kukata na kutibu ni vita juu ya huo wanga.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua kwa macho ya mnunuzi wa vitambaa. Nilikata iliyonyooka, inayong'aa, yenye kijani kibichi. Hiyo ndiyo michanga. Mwanzi hauongezeki unene. Hutoka ardhini na upana wake wote, hufikia urefu wake ndani ya miezi michache tu, halafu hukaa miaka ukikomaa kwa ndani. Wa mwaka mmoja na wa miaka minne waweza kuwa na upana ule ule. Wa mwaka mmoja ukikauka hunywea, hujikunja na kupasuka.

Mzee mwenye kichaka ndiye aliyenifunza kutofautisha. Nilimwambia, "Baba, nipe mizuri." Akacheka. "Mizuri kwa sura au kwa kazi?" Akanipeleka katikati ya kichaka, kwa sababu michanga huchipua pembeni na mikongwe hubaki ndani. Mchanga bado una magamba yaliyoshikilia kwenye vifundo, na ngozi yake ina ungaunga mweupe unaofutika kwa kidole. Uliokomaa hauna magamba, rangi yake imefifia, na una madoa ya kijivu kama yale ya shina la mnazi wa zamani. Matawi yake yameshatoa matawi mengine. Ukiugonga kwa mgongo wa panga, mchanga hutoa sauti ya kuziba na uliokomaa hulia wazi. Unaofaa ni wa miaka mitatu hadi mitano. Ukipita hapo sana, huanza kukauka ungali umesimama. Lakini sauti na madoa huhitaji mazoea, kwa hiyo mzee sasa anatia alama ya rangi kila chipukizi jipya, rangi moja kwa kila mwaka. Hiyo haikosei.

Tulikata baada ya masika, machipukizi yalipokuwa yamekwisha kurefuka, kwa kuwa wakati huo akiba ya wanga imeshatumika kwa kiasi kikubwa. Tulikata juu kidogo tu ya kifundo cha kwanza au cha pili kutoka ardhini. Ukikata katikati ya pingili unaacha kikombe kinachojaa maji ya mvua, na kisiki huoza mpaka mizizi.

Sasa dawa. Wazee wetu waliloweka mianzi majini kwa wiki nyingi, na njia hiyo ina maana, kwa sababu maji hutoa sehemu ya wanga. Lakini haimzuii mchwa, na maji ya bahari huacha chumvi inayovuta unyevu na kula bolti. Mafuta machafu ya gari, ambayo ndiyo niliyopaka banda la kwanza, ni kazi bure. Ngozi ya mwanzi ni ngumu kama kioo, haipitishi kitu. Nilikuwa nimepaka nje huku mdudu akiingilia kwenye ncha zilizokatwa, ambako mlango uko wazi.

Dawa ninayoitumia ni mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki. Kuloweka kwenye shimo lenye nailoni kunahitaji lita elfu na zaidi, na dawa ya kujaza maji hayo sikuimudu. Nilifuata njia inayotumika Bali, Indonesia: unausimamisha mwanzi wima na kuujaza dawa kama chupa. Kwa nondo ndefu iliyochongwa ncha, unatoboa viwambo vyote vya ndani kutoka juu, isipokuwa kile cha chini kabisa. Hicho ndicho kitako cha chupa.

Mianzi yangu ilikuwa 24, kila mmoja wa mita nne, upana wa sentimita nane na ukuta wa zaidi ya sentimita moja. Kila mmoja ulimeza karibu lita kumi. Nilifanya 12 kwanza. Katika pipa nilitia lita 150 za maji, kilo 5.4 za boraksi na kilo 3.6 za asidi ya boriki, yaani kilo tisa kwa jumla, sawa na asilimia sita. Niliyeyusha kwanza kwenye maji ya moto, kwa sababu kwenye maji baridi dawa hutuama chini kama sukari kwenye chai iliyopoa. Vaa glavu, na watoto wasikaribie pipa.

Ni lazima mwanzi uwe mbichi, uliokatwa siku hiyo au chache zilizopita. Dawa husafiri kwa kufuata maji yaliyomo ndani ya nyama ya mwanzi. Uliokauka hauna njia. Nilikaa nayo wiki mbili, kila asubuhi nikiongeza pale palipopungua. Inayopungua haraka mno haijanywa, imevuja. Nilipata miwili yenye nyufa, nikaitupa kwenye kuni. Baada ya siku 14 nilitoboa kitako juu ya ndoo na kuikusanya dawa, nikaiongezea nguvu, nikajaza zile 12 zilizobaki. Ya mwisho usiimwage shambani, maana boraksi nyingi huua mimea.

Dawa hii ina mpaka wake, na wauzaji huusahau. Haijifungi na mwanzi. Kama iliingia na maji, itatoka na maji. Nguzo iliyopigwa na mvua msimu baada ya msimu hurudi kuwa chakula. Na iliyochimbiwa ardhini huoza hata iwe na dawa. Kwa hiyo baada ya kuikausha kivulini kwa wiki saba, ikiwa imesimama, nilijenga kwanza vibuyu vya zege vya kusimamishia nguzo, sentimita 40 juu ya ardhi, kila kimoja kikiwa na kipande cha nondo kilichochomoza. Nguzo huvishwa juu ya nondo hiyo. Makuti nayo yalipita ukuta kwa karibu mita moja. Mafundi wa Kolombia, ambao wamejenga kwa mianzi kwa vizazi, husema nyumba ya namna hii yataka viatu na kofia.

Usiunge kabla ya kukauka. Mwanzi mbichi hunywea, na fundo la kamba lililobana leo litacheza baada ya miezi miwili.

Kuhusu maungio, sahau msumari. Nyuzi za mwanzi zote huelekea upande mmoja, hakuna zinazokatiza kuzifunga, hivyo msumari huanzisha ufa na upepo wa kusi humalizia. Kila tundu ni la keekee au drili. Juu ya nguzo tulikata mdomo wa samaki, yaani mbonyeo wa duara unaoikalia boriti ya juu bila mwanga kupita. Kata huo mdomo karibu na kifundo, kisiwe chini yake kwa zaidi ya sentimita tano. Mdomo ulio katikati ya pingili hufunguka chini ya uzito kama mkebe uliokanyagwa. Fundi wangu alikata mmoja hivyo akasema, "Kaka, utashika tu." Tulipoukalia, ulipasuka.

Halafu chuma chenye meno cha milimita kumi kilishuka wima kupitia boriti hadi ndani ya nguzo, ncha yake ikiwa imekunjwa ndoana, ikadaka bolti iliyopita mlalo chini ya kile kifundo. Ukikaza nati juu, boriti na nguzo huvutana. Lakini kaza nati juu ya bomba tupu, nalo hubonyea. Dawa yake alieneza mbunifu wa Kolombia, Simón Vélez, aliyejulikana duniani kwa jengo lake la mianzi kwenye maonyesho ya Hannover mwaka 2000: jaza mota pingili ile inayopitiwa na chuma. Tulitoboa tundu la sentimita tatu ubavuni, tukamimina saruji moja kwa mchanga laini tatu, tukigonga kwa nyundo ya mbao ili hewa itoke. Usijaze mwanzi mzima, utaongeza mzigo bila faida. Mota haigandi kwenye ukuta laini wa ndani. Kazi yake ni kuzuia usibonyee tu.

Kwenye mapau, ambako uzito ni mdogo, tulifunga kwa kamba za makumbi zilizoloweshwa, zikabana zilipokauka.

Banda hilo sasa lina miaka mitatu. Kila kaskazi inapoisha nazungukia nati zote na spana, na nyingi hukubali nusu mzunguko. Nguzo moja ya upande wa bahari, ambako makuti yalifupishwa kupisha mnazi, imeanza kuwa na vitobo viwili vitatu vya ukubwa wa kichwa cha pini. Nimeshakata ya kuibadilisha. Iko nyuma ya nyumba, imesimama wima, imejaa, na leo ni siku yake ya tisa.